Kura ya Mkenya aliye ughaibuni: maswali tunayoulizwa kila mara

Mengi ya maswali haya huja kwenye simu yangu kila uchaguzi unapokaribia, kutoka kwa watu wa kwetu walioko Doha, Dallas, Riyadh na Kampala. Mengine hutoka kwa waliobaki nyumbani, na hayo huwa na ukali kidogo: nyinyi mlioondoka, kura ya nini tena? Nimeyajibu yote hapa, ya walioko nje na ya walioko ndani.

Je, kweli nina haki ya kupiga kura nikiwa nje ya Kenya?

Ndiyo. Katiba ya 2010 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura (Kifungu cha 38), na haisemi ni lazima awe amesimama kwenye ardhi ya Kenya. Kisha Kifungu cha 82 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha raia wanaoishi nje na kuwatimizia haki hiyo hatua kwa hatua. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyozua kesi.

"Hatua kwa hatua" ina maana gani? Mbona inasikika kama ahadi ya kesho?

Wakenya wa ughaibuni waliuliza hivyo hivyo. Kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, Tume ya Uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilitangaza kwamba vituo vya nje vingewekwa kwenye nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pekee. Kundi liitwalo New Vision Kenya, yaani NVK Mageuzi, likaenda mahakamani likidai kwamba Mkenya wa London au Atlanta anabaguliwa kwa sababu tu hakuhamia Kampala. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na hukumu ikatoka mwaka 2015. Majaji walikubali kwamba haki ipo, ila wakasema utekelezaji wake unaweza kwenda kwa awamu kulingana na uwezo wa Tume.

Nikiisoma hukumu hiyo naona mambo mawili. Kwanza, hakuna tena anayeweza kusema mahakamani kwamba raia wa nje hana kura. Pili, hakuna raia wa nje anayeweza kuilazimisha Tume ifungue kituo mjini kwake kesho asubuhi. Tangu hapo tunaishi kati ya hayo mawili.

Nikiwa nje, nitawapigia kura akina nani?

Rais peke yake. Hakuna gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wala mwakilishi wa wadi, yaani MCA. Karatasi unayopewa ni moja.

Vituo viko wapi?

Mwaka 2013 vilikuwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 nchi zikafika 12, kwani ziliingia Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Katari, Umoja wa Falme za Kiarabu na Sudan Kusini. Kwa kawaida kituo huwekwa kwenye ubalozi au ubalozi mdogo, kwa hiyo mahali ambapo Kenya haina ofisi hapana kituo. Marekani nzima, kwa mfano, iliwekewa Washington, New York na Los Angeles. Usikariri orodha ya 2022 ukadhani ndiyo ya 2027. Tume hutangaza upya kila mara, na tangazo hilo ndilo la kufuata.

Wakenya walioko nje ni wengi mno. Kwa nini waliojiandikisha mwaka 2022 walikuwa 10,443 tu?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitalijibu taratibu. Walioandikishwa mwaka 2013 walikuwa 2,637. Mwaka 2017 wakawa 4,393, na mwaka 2022 wakawa 10,443 katika daftari lenye wapigakura 22,120,458. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila 2,100.

Watu wa nyumbani wakiona hesabu hii husema, "Si mnaona? Hawajali." Basi tumchukue Mkenya mmoja, muuguzi wa zamu za usiku Minneapolis, mji wenye Wakenya wengi, tuone kujali kunagharimu nini.

Uandikishaji wa nje kabla ya uchaguzi wa 2022 ulifanyika mwezi wa Januari na wa Februari kwa muda wa kama wiki mbili. Alama za vidole na picha huchukuliwa na mashine ya Tume, kwa hiyo lazima mwili wako ufike, huwezi kutuma fomu. Kituo kilichomfaa muuguzi wetu kilikuwa Washington, karibu kilomita 1,500 kutoka kwake. Tuseme tikiti ya kwenda na kurudi ni dola 300, chumba cha usiku mmoja ni dola 150, na zamu moja aliyoikosa ni saa 12 kwa dola 40 kila saa, yaani dola 480. Safari hiyo moja imemla dola 930, naye bado hajapiga kura! Amejiandikisha tu. Mwezi wa Agosti anapaswa kurudi Washington kwa gharama hizo hizo. Jumla ni dola 1,860 kwa karatasi moja yenye majina manne ya wagombea.

Sasa mweke kando yake mfanyabiashara wa Kenya anayeishi Kampala. Yeye hupanda boda asubuhi, akaandikishwa, na saa nne yuko dukani. Wote wawili wana haki ile ile kwenye Katiba. Kinachowatofautisha ni umbali, na umbali huo uliamuliwa na mtu aliyepanga mahali pa kuweka meza.

Ndiyo maana nikisikia daftari la nje likisomwa kama kipimo cha uzalendo huwa nanyamaza kwanza, halafu nauliza: wewe uliye Githurai, ungepanda ndege mara mbili kwenda Lusaka kumpigia mtu kura?

Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani Saudia. Kituo changu ni kipi?

Mwaka 2022 hukuwa nacho. Saudia ni miongoni mwa nchi zenye wafanyakazi wengi wa Kenya, na fedha zinazotoka huko ni sehemu kubwa ya zile ambazo Benki Kuu huzitangaza kila mwezi. Hata hivyo haikuwa katika zile nchi 12. Katari ilikuwemo, na Falme za Kiarabu pia.

Na hata wenzako wa Doha na Dubai, kuwa na kituo si kufika kituoni. Tarehe 9 Agosti 2022 ilikuwa Jumanne. Kenya ilikuwa sikukuu, lakini kwa mwajiri wa Doha ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Dada anayelala kazini huhitaji ruhusa ya kutoka getini, nauli, na mtu wa kumwachia watoto wa mwenye nyumba. Ombi la "madam, naomba nikachague rais wetu" si rahisi kulitamka unapokuwa chini ya mfumo wa kafala, ambapo kibali chako cha kuishi nchini kimefungwa kwa mtu yule yule unayemwomba ruhusa.

Pasipoti nayo ina kisa chake. Waajiri wengi huishika, hata pale sheria ya nchi inapokataza. Hapo kitambulisho cha taifa kinaweza kukuokoa, kwa sababu Sheria ya Uchaguzi ya Kenya inatambua kitambulisho au pasipoti. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukisafiri huacha kitambulisho nyumbani, kwenye sanduku la mama, pamoja na cheti cha ubatizo. Ukisafiri tena, kibebe.

Jambo la tatu halizungumzwi sana. Mikataba mingi ya Ghuba ni ya miaka miwili. Ukiandikishwa Doha mwezi wa Januari na mkataba ukaisha mwezi wa Juni, Agosti itakukuta Kakamega huku jina lako likiwa Doha. Huwezi kupiga kura Kakamega, kwa sababu kura hupigwa pale jina lilipo na daftari hufungwa mapema kabla ya uchaguzi. Kabla ya kutoa vidole vyako, angalia mkataba wako unaisha lini.

Nahitaji stakabadhi gani?

Kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya, ya asili, si nakala wala picha ya simu. Siku ya kura uje na stakabadhi ile ile uliyoandikishwa nayo. Kibali cha kuishi nchi ya kigeni hakihitajiki kuthibitisha uraia wako, na aliyepitwa na muda wa viza hapotezi uraia wa Kenya kwa sababu hiyo. Najua wapo wanaoogopa kukanyaga ubalozini kwa ajili hiyo. Kinachoangaliwa pale ni kama wewe ni Mkenya.

Nilijiandikisha nyumbani kabla ya kuondoka. Je, naweza kupiga kura ubalozini?

Si mpaka uhamishe uandikishaji wako. Usijiandikishe upya kana kwamba hukuwahi kuwa kwenye daftari, kwani kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai na alama za vidole zitakuumbua. Mweleze karani kwamba unahama. Ukipenda kubaki na kituo chako cha zamani na kurudi nyumbani kupiga kura, ruksa, na hapo utapata karatasi zote sita.

Siku yenyewe mambo huendaje, na kura yangu huhesabiwa wapi?

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kwa saa za mahali ulipo. Unatambuliwa kwa kidole kwenye kifaa cha KIEMS, unapewa karatasi, unapiga kura. Kituo kikifungwa, kura huhesabiwa hapo hapo. Karatasi hazisafirishwi Nairobi kwenda kuhesabiwa. Msimamizi hujaza Fomu 34A, ambayo ni fomu ya matokeo ya urais ya kituo, mawakala wa wagombea walioko hutia saini, na picha ya fomu hutumwa Nairobi.

Kuna jambo dogo la saa ambalo watu hawalifikirii. Mwezi wa Agosti Los Angeles iko nyuma ya Nairobi kwa saa kumi. Kituo cha kule kilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, Nairobi ilikuwa saa kumi alasiri, imebaki saa moja tu vituo vya Kenya vifungwe. Kilipofungwa, Nairobi ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 10. Mwaka 2022 Tume iliweka Fomu 34A kwenye tovuti ya forms.iebc.or.ke kadiri zilivyoingia, kuanzia jioni ile. Kwa maneno mengine, Mkenya wa California angeweza kusimama foleni akisoma kwenye simu matokeo ya vituo vya Kenya kabla hajapiga kura yake. Kwa kura elfu chache hilo halisumbui mtu. Siku daftari la Marekani likifika laki moja, litakuwa hoja mbele ya majaji, na afadhali lifikiriwe mapema. Dawa moja ni vituo vya magharibi kupiga kura siku moja kabla, masanduku yakatiwa muhuri hadi Nairobi ifunge.

Nani analinda kura ndani ya ubalozi? Balozi si mtu wa serikali?

Ni mtu wa serikali, na hofu hiyo ina msingi. Ubalozi hutoa jengo, lakini uchaguzi husimamiwa na maafisa wa Tume. Udhaifu halisi ni mawakala. Chama kinachoweza kupeleka wakala kila kituo cha Bungoma hakipeleki mtu Bujumbura. Kama hakuna mwanachama wa kujitolea anayeishi huko, kituo hubaki bila jicho la chama.

Unaweza kujikagulia mwenyewe. Fungua Fomu 34A ya kituo chako. Angalia kwanza sehemu ya saini za mawakala, kisha ujumlishe kura za wagombea wote na kuona kama zinalingana na jumla ya kura halali. Halafu linganisha idadi ya waliopiga kura na idadi ya walioandikishwa kituoni. Kukosekana kwa saini ya wakala pekee hakubatilishi fomu kisheria, lakini fomu isiyo na saini hata moja, iliyotoka kituo cha mbali, ningeisoma mara mbili.

Tunasikia "kaunti ya 48". Je, diaspora ni kaunti?

Hapana. Katiba inazo kaunti 47. Namba 48 ni ya daftari tu, ili kompyuta ipate pa kuwaweka watu wa nje, na kwa hesabu za matokeo ya urais diaspora hushughulikiwa kama eneo la 291 juu ya maeneo bunge 290. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Kura yako ya Doha huingia kwenye hesabu ya kwanza, wala haiingii kwenye ya pili.

Kura za nje zinaweza kugeuza matokeo?

Kwa daftari la 2022, ilikuwa vigumu. Mwaka 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ilikuwa 233,211, yaani zaidi ya mara 22 ya daftari zima la nje.

Lakini tazama mwaka 2013. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa kura zisizofika 10,000. Swali la siku ile halikuwa nani anaongoza, bali kama kungekuwa na duru ya pili. Walioandikishwa nje walikuwa 2,637. Wangekuwa 50,000 na wengi wao wakaegemea upande mwingine, nchi ingerudi kwenye debe. Wanasiasa wanaijua hesabu hii kuliko wanavyoonyesha, na sidhani ni bahati mbaya kwamba kila chama hupenda vituo vya nje vifunguliwe pale kinapodhani kina watu.

Halipi ushuru Kenya, habanwi na bei ya unga, haendi hospitali za kaunti. Kwa nini atuchagulie rais?

Swali hili huulizwa kwa hasira, lakini ndani yake mna hoja mbili tofauti na mimi huzitenganisha.

Ya kwanza ni ya fedha. Watu wa ughaibuni huijibu haraka: mwaka 2024 tulituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, fedha za kigeni ambazo nchi inazitegemea kulipia mafuta na madeni. Mimi jibu hilo silipendi, ingawa ni langu pia. Ukisema nina kura kwa sababu natuma pesa, umekubali kwamba kura inanunuliwa, na mjomba wako wa Turkana asiye na kitu atakuuliza yake iko wapi. Kura ya Mkenya haijawahi kufungwa kwa risiti ya ushuru. Mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato anapiga kura, mfungwa pia anapiga kura ya urais. Wote ni raia, na hilo linatosha.

Hoja ya pili ni ya matokeo: anayechagua aishi na alichokichagua. Hii ni nzito, na wanaoipuuza hukosea. Mtu aliyehama miaka 30 iliyopita, ambaye watoto wake hawajui njia ya kwao, anaweza kumchagua mgombea kwa hasira za zamani halafu machafuko yakitokea akayatazama kwenye televisheni. Tuliyaona mazungumzo ya namna hiyo mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, maneno makali yakitoka mahali penye usalama.

Ila hoja hiyo inamlenga nani hasa? Si dada wa Riyadh. Yeye ameacha watoto wawili kwa bibi yao Kilifi. Karo ikipanda ni yake, hospitali ya kaunti ikikosa dawa atapigiwa simu yeye, na mkataba wa kazi ambao serikali ya Kenya itasaini na Saudia utamgusa kabla haujamgusa mtu wa Nairobi. Rais ndiye mwenye mkono katika mikataba hiyo na ndiye anayeteua mabalozi. Kwa ofisi hiyo moja, mfanyakazi wa Ghuba anaishi na matokeo kuliko wengi walioko ndani. Hii ndiyo sababu naona kura ya urais pekee ni mpaka wenye akili. Gavana wa Kilifi amwachie bibi.

Basi kwa nini tusiweke kikomo cha miaka? Ukikaa nje sana, kura inakwisha.

Wengine wamejaribu. Uingereza ilikuwa na kikomo cha miaka 15, ikakiondoa Januari 2024. Kanada ilikuwa na miaka mitano. Bunge lake lilikifuta mwaka 2018 na Mahakama ya Juu ikasema kilikiuka katiba mwezi wa Januari 2019 kwenye kesi ya Frank. Ujerumani bado ina kikomo cha miaka 25 kwa raia wake wengi wa nje.

Kwa Kenya kikomo kingegonga ukuta wa Katiba, ambayo haihesabu miaka ya kuwa nje. Na kingekuwa kigumu kutekeleza. Nani atathibitisha niliondoka lini, kama kila Desemba niko Malindi wiki tatu? Kwa vitendo kikomo kipo tayari: anayepanda ndege mara mbili ili apige kura si mtu aliyeisahau Kenya.

Kwa nini tusipige kura kwa simu? Benki tunaiendesha kwa simu.

Benki inajua jina lako na kiasi ulichotuma, na kosa likitokea inaangalia kumbukumbu na kukurudishia. Kura haitakiwi kuwa na kumbukumbu inayokuunganisha na mgombea. Ukiipiga ukiwa sebuleni, hakuna anayejua kama mumeo, mwajiri au mwenyekiti wa chama cha kijiji alikuwa amekusimamia begani. Kwa dada aliye chini ya mwajiri, chumba chenye pazia ubalozini ni kinga. Mimi ningeanza kwa kurahisisha uandikishaji, ili safari mbili ziwe moja. Siku chache za mashine ya Tume kuzunguka Minneapolis, Dallas na Riyadh zingefanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya simu, na sheria ya kupiga kura kwa mkono ingebaki ilivyo.

Majirani wetu hufanyaje?

Tanzania haina upigaji kura wa nje, na Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa Tanzania, kwa hiyo mjadala wao huanzia kwenye uraia wenyewe. Kongo ilijaribu kwa mara ya kwanza Desemba 2023, kwa raia walioko nchi tano pekee: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada, nao pia kwa kura ya urais tu. Mkongomani wa Nairobi au Kampala, ambaye huenda alikimbia vita vya Kivu, hakupata kituo. Msumbiji imekwenda mbali zaidi: kati ya viti 250 vya bunge lake, viwili ni vya raia wa nje, kimoja cha Afrika na kimoja cha dunia iliyobaki.

Mfano wa Msumbiji huletwa sana na wanaotaka mbunge wa diaspora Kenya. Mimi nasita. Mbunge mmoja wa kuanzia Juba hadi Vancouver atamwakilisha nani, na atafanyia kampeni wapi kama si kwa wenye pesa za kumwalika?

Nina uraia wa nchi mbili. Kura yangu ikoje?

Ukiwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa, kuchukua uraia mwingine hakukuondolei huu wa kwanza, na kura unayo. Aliyepoteza uraia chini ya Katiba ya zamani anaweza kuomba kurudishiwa, lakini ni lazima aombe, haurudi wenyewe. Kugombea urais ni habari nyingine: hapo utii kwa nchi ya kigeni hukufungia mlango.

Kituo kiko mbali na siwezi kufika. Je, nimebaki mtazamaji?

Kwa karatasi ndiyo. Kwa mambo mengine, uliza familia yako. Raia wa nje anaweza kuwa mwanachama wa chama na kukichangia. Sheria inakataza michango ya wageni, si ya Wakenya walioko nje. Wapo wanaofuatilia bajeti ya kaunti yao wakiwa Leeds na kumwandikia MCA barua kila mwaka.

Halafu kuna ile simu ya Jumapili jioni. Mtu anayelipa karo ya watoto watano na dawa za presha za baba akisema "mimi namwona fulani ndiye", hajapiga kura, lakini mezani pale kuna watu wanne wenye kura. Nilimuuliza mama mmoja wa Taita, mwenye mwanawe Doha, kama huwa anamfuata. Akacheka. "Namsikiliza mpaka pesa iingie," akasema, "halafu naenda kuchagua wangu."